Ng'ombe wa Maziwa au wa Matumizi Mawili? Mazao, Lishe na Thamani ya Kuuzwa katika Shamba Dogo la Rwanda na Kusini Magharibi mwa Uganda

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha ng'ombe wa aina ya Friziani, ambaye ni wa maziwa pekee, na chotara wa nusu damu wa Ankole na Friziani, ambaye hufugwa kwa maziwa na nyama. Ulinganisho unafanywa katika shamba dogo ambalo mifugo hulishwa bandani, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Rwanda na katika baadhi ya maeneo ya kusini magharibi mwa Uganda. Mambo matatu yanachunguzwa: kiasi cha maziwa, mahitaji ya lishe, na thamani ya mnyama anapouzwa. Hoja kuu ni kwamba jawabu halimo katika lita ambazo ng'ombe anaweza kutoa anaposhiba. Limo katika uwiano wa ukubwa wa mwili wake na lishe inayopatikana kiangazi, na katika bei ya chakula cha nyongeza ikilinganishwa na bei ya maziwa. Mfano wa hesabu wa shamba lenye robo hekta ya mabingobingo unaonyesha ni katika hali gani kila mmoja wa ng'ombe hao humfaa mfugaji.

1. Utangulizi

Mwaka 2006 Serikali ya Rwanda ilianzisha mpango wa Girinka, ambao shabaha yake ni kila familia maskini kupata ng'ombe mmoja. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kinyarwanda ya kumtakia mtu heri ya kuwa na ng'ombe. Anayepewa ng'ombe huwajibika kumpa jirani ndama jike wa kwanza, na kwa njia hiyo mpango huendelea kutoka kaya moja hadi nyingine. Ng'ombe wengi waliogawiwa ni Friziani au machotara wenye damu nyingi ya Friziani, kwa matarajio kwamba maziwa mengi yangeleta lishe bora na fedha kwa haraka.

Upande wa pili wa mpaka, katika wilaya za kusini magharibi mwa Uganda, wafugaji wenye maeneo makubwa wamefuata njia yao. Wengi hutenganisha makundi mawili: kundi la Ankole halisi, wenye pembe ndefu, na kundi la machotara wa Ankole na Friziani wanaokamuliwa kwa ajili ya soko. Mfugaji wa namna hiyo halazimiki kuchagua, kwa kuwa ana vyote viwili. Mwenye ng'ombe mmoja na shamba lisilofika hekta moja hana nafasi hiyo. Akichagua vibaya, hana kundi la pili la kumfidia.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa aina ya ng'ombe kwa kaya ndogo ni suala la sera na pia ni suala la ufugaji. Anayeshauri serikali, benki ya mikopo au shirika linalogawa mifugo anahitaji kujua ni vipimo gani vinavyoamua. Makala haya yanavifafanua vipimo hivyo kimoja baada ya kingine, kisha yanaviunganisha katika hesabu moja.

2. Maana ya aina hizi mbili

Ng'ombe wa maziwa ni yule ambaye vizazi vyake vimechaguliwa kwa muda mrefu kwa kigezo kimoja, yaani wingi wa maziwa. Friziani ndiye anayejulikana zaidi katika ukanda huu. Ana mwili mkubwa na kiwele kikubwa, na silika yake ni kuelekeza chakula kwenye maziwa hata pale ambapo mwili wenyewe unapungukiwa.

Ng'ombe wa matumizi mawili ni yule anayetoa maziwa ya kutosha kukamuliwa na pia ana mwili wenye soko buchani. Wapo wa asili moja waliojengwa kwa shabaha hiyo, kama Simentali wa Ulaya na Sahiwali aliyetokea Punjabu. Katika ukanda wa Maziwa Makuu, hata hivyo, anayepatikana kwa urahisi zaidi ni chotara wa kizazi cha kwanza ambaye mama yake ni Ankole na baba yake ni Friziani. Huyu ndiye atakayewakilisha matumizi mawili katika makala haya. Kwa kawaida ni mdogo kuliko Friziani, maziwa yake yana mafuta mengi zaidi, na amerithi kwa mama yake kiasi fulani cha ustahimilivu wa joto, njaa na kupe.

Ubora wa chotara wa kizazi cha kwanza hautokani na kukutana kwa sifa za wazazi wawili tu. Wazazi wa damu za mbali huzaa mtoto mwenye nguvu ya ziada katika uzazi, afya na ukuaji. Nguvu hiyo hufikia kilele katika kizazi cha kwanza, kisha hupungua kadiri damu inavyoelemea upande mmoja. Suala hili litarejewa katika sehemu ya sita, kwa kuwa ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa njia ya machotara.

3. Lishe: gharama ya kuubeba mwili

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuanza ulinganisho kwa maziwa. Ulinganisho huu unaanza kwa chakula, kwa sababu kabla ya kutoa lita ya kwanza ng'ombe hulazimika kuulisha mwili wake mwenyewe. Hitaji hilo la kujikimu huongezeka kadiri uzito wa mnyama unavyoongezeka. Kanuni iliyozoeleka katika lishe ya ng'ombe ni kwamba nishati ya kujikimu kwa siku, kwa megajuli, ni 8.3 + 0.091W, ambapo W ni uzito wa mnyama kwa kilo. Friziani wa kilo 500 anahitaji takriban megajuli 54 kila siku ili asipungue uzito. Chotara wa kilo 380 anahitaji takriban megajuli 43. Baada ya hapo, kila lita ya maziwa ya Friziani huhitaji karibu megajuli 5. Lita ya chotara, kwa kuwa ina mafuta zaidi, huhitaji karibu megajuli 5.4.

Lichukuliwe shamba la mfano lenye robo hekta ya mabingobingo, yaani nepia, iliyopandwa sehemu moja na nyingine kwenye kingo za matuta. Shamba hilo hutoa pia mabua ya mahindi, maganda ya maharage na vigogo vya migomba. Ikichukuliwa kwamba mvua huhudumia miezi minane na kiangazi miezi minne, shamba la namna hiyo lenye utunzaji wa wastani linaweza kutoa kilo 12 za lishe kwa siku wakati wa mvua na kilo 8 wakati wa kiangazi. Uzito huu ni uzito mkavu, yaani baada ya kuondoa maji. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa nepia mbichi huwa na maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Mzigo wa kilo 50 unaobebwa kichwani huweza kuwa na chini ya kilo 10 za chakula halisi.

Pamoja na kupungua kwa wingi, ubora nao hushuka. Nepia changa ya msimu wa mvua, ikikatwa ikiwa na urefu wa karibu mita moja, ina takriban megajuli 8.5 kwa kila kilo kavu. Mchanganyiko wa kiangazi wa nepia iliyokomaa na mabua una takriban megajuli 7. Hivyo shamba hutoa megajuli 102 kwa siku wakati wa mvua na megajuli 56 tu wakati wa kiangazi.

Namba hizo mbili zikiwekwa mbele ya ng'ombe wawili, picha hubadilika kabisa kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Wakati wa mvua, Friziani hula kilo zote 12, hutumia megajuli 54 kujikimu na hubakiwa na 48, ambazo hutosha lita 9 na zaidi kidogo. Chotara hawezi kumaliza kilo 12. Hula karibu kilo 10, hujikimu kwa megajuli 43, na zinazobaki hutosha kati ya lita 7 na 8. Friziani ameshinda kwa lita mbili, lakini chotara ameacha kilo 2 za lishe kavu kila siku, ambazo zinaweza kukaushwa au kufanywa saileji.

Wakati wa kiangazi, megajuli 56 za shamba humtosha Friziani kujikimu na kubakiwa na 2 tu, ambazo hazifiki hata nusu lita. Chotara, kwa chakula kilekile, hubakiwa na 13. Akiongezwa kilo moja na nusu ya majani yaliyohifadhiwa wakati wa mvua, hufikia lita 4 na nusu kwa siku bila kupoteza uzito.

4. Maziwa: yale yanayoonekana na yale yanayokopwa mwilini

Mfugaji wa Friziani angeweza kuikataa hesabu hiyo kwa kusema kwamba ng'ombe wake hutoa lita 4 hata kiangazi, wala si nusu lita. Kauli hiyo huwa ya kweli, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Friziani hutoa lita hizo kwa kuuyeyusha mwili wake. Kilo moja ya mwili inayopotea hutoa nishati sawa na takriban megajuli 28 za chakula. Ili kufikisha lita 4, anahitaji megajuli 18 zaidi ya zile zinazotolewa na shamba, na kwa hiyo hupungua zaidi ya nusu kilo kila siku. Katika siku 100 za kukamuliwa kiangazi, hupoteza zaidi ya kilo 60.

Maziwa hayo ni mkopo, na hulipwa kwa uzazi. Ng'ombe anayepungua uzito baada ya kuzaa huchelewa kuingia kwenye joto, au huingia kwa dalili hafifu zinazopita usiku bila kuonekana. Mhimilishaji huitwa mara mbili au tatu bila mafanikio. Badala ya kuzaa kila baada ya siku 365 hadi 400, ng'ombe huzaa baada ya siku 450, 480 au zaidi, na muda huo wa ziada ni muda wa kulisha bila kukamua. Daftari la maziwa haliuonyeshi mkopo huu, kwa kuwa huandikwa lita za siku, si lita za mwaka wala za maisha.

Kwa hiyo kipimo kinachofaa kwa mshauri wa sera ni maziwa kwa kila siku ya muda wote kati ya uzazi mmoja na unaofuata. Katika shamba la mfano, Friziani asiyepewa chakula cha nyongeza hukamuliwa siku 305. Kwa wastani wa lita 9 katika siku 205 za mvua na lita 4 katika siku 100 za kiangazi, hutoa karibu lita 2,245. Akizaa kila baada ya siku 480, hizo ni sawa na takriban lita 1,700 kwa mwaka. Chotara hukauka mapema, baada ya siku 270 hivi. Kwa wastani wa lita 7 katika siku 180 za mvua na lita 4.5 katika siku 90 za kiangazi, hutoa lita 1,665. Kwa kuwa hudumisha uzito wake na huzaa kila baada ya siku 410, kwa mwaka hutoa takriban lita 1,480.

Tofauti ambayo kwenye ndoo ya siku ya mvua ilionekana kuwa lita mbili katika tisa imepungua hadi chini ya lita moja kwa siku ya mwaka. Friziani bado yuko mbele kwa maziwa, lakini kwa kiasi kisichotosha kuamua jambo bila kutazama upande wa tatu.

Kabla ya kuufikia upande huo, chotara naye ana kasoro ya maziwa ambayo haina budi kutajwa. Machotara wengi wenye damu ya Ankole hawaachii maziwa vizuri bila ndama kunyonya kwanza. Ndama akifa, mama huweza kukauka ndani ya siku chache. Kwa Friziani, kifo cha ndama ni hasara ya ndama. Kwa chotara huweza kuwa hasara ya ndama pamoja na msimu mzima wa maziwa. Kumpa ndama maziwa ya mwanzo katika saa za kwanza za uhai wake na kumkinga dhidi ya ndigana kali ni sehemu ya uzalishaji wa maziwa yenyewe.

5. Thamani ya kuuzwa: sakafu chini ya bei

Bei hutofautiana kati ya nchi na nchi na hubadilika kila msimu, kwa hiyo thamani zote katika sehemu hii zinaelezwa kwa lita za maziwa. Ikichukuliwa kwa ajili ya mfano kwamba kilo moja ya ng'ombe hai mwenye afya huuzwa kwa bei ya lita 5 za maziwa, kwamba mtamba wa Friziani mwenye mimba hununuliwa kwa thamani ya lita 4,000, na mtamba chotara kwa lita 2,400, mshauri anaweza kuweka bei za soko lake mahali pa hizo na kurudia hesabu.

Bei ya mtamba wa Friziani ina sehemu mbili. Sehemu moja ni nyama, na nyingine ni ahadi ya maziwa yajayo. Kila anapozaa, ahadi hupungua. Siku anapouzwa kwa sababu ya uzee, ugonjwa wa kiwele au kutoshika mimba, ahadi imekwisha na inayobaki ni nyama. Nayo nyama hiyo haina bei nzuri, kwa sababu mnyama mwenye mifupa mikubwa na misuli michache, aliyekonda kwa kukamuliwa, hupunguziwa bei kwa kila kilo. Akiuzwa akiwa na kilo 420 kwa lita 4 kwa kilo, hurudisha lita 1,680. Thamani ya lita 2,320 imepotea. Kama amezaa mara nne kwa vipindi vya siku 480, upotevu huo ni takriban lita 440 kwa kila mwaka aliokaa bandani.

Kwa chotara, sehemu kubwa ya bei ya kununuliwa tayari ni nyama. Akiuzwa akiwa na kilo 380 kwa bei kamili, hurudisha lita 1,900, na upotevu ni lita 500 tu. Ukigawanywa kwa karibu miaka saba, muda wa kuzaa mara sita, haufiki lita 80 kwa mwaka. Nyama ni sakafu chini ya bei ya ng'ombe. Chotara huanza maisha yake karibu na sakafu hiyo. Friziani huanzia juu, na hakuna kinachomzuia kuanguka.

Ndama dume huongeza tofauti hiyo. Dume wa Friziani katika shamba dogo huuzwa katika wiki zake za kwanza kwa bei ndogo sana, kwa kuwa hakuna maziwa wala majani ya kumkuza. Dume wa chotara anaweza kukuzwa kwa maziwa anayonyonya pamoja na sehemu ya majani yaliyohifadhiwa. Akifikisha kilo 130 akiwa na mwaka mmoja, thamani yake ni lita 650. Zikiondolewa lita 300 alizonyonya, zinabaki 350. Kwa kuwa kwa wastani chotara huzaa dume mmoja katika kila miaka miwili na robo, hilo ni pato la takriban lita 155 kwa mwaka.

Sasa hesabu zinaweza kuunganishwa. Friziani hutoa lita 1,700 na kupoteza 440 kwa kuchakaa kwa thamani, hivyo huacha karibu lita 1,260. Chotara hutoa lita 1,480, huongeza 155 za madume, hupoteza 75, na huacha karibu lita 1,560. Katika shamba hili, bila chakula cha nyongeza, ng'ombe anayetoa maziwa machache zaidi ndiye anayeiachia kaya mali nyingi zaidi.

6. Mpaka wa hoja: lini Friziani hushinda

Hitimisho hilo lisichukuliwe kama sheria ya mahali pote. Friziani akipewa chakula cha nyongeza, yaani mchanganyiko wa pumba, mashudu na madini, hesabu hugeuka. Kilo moja ya mchanganyiko mzuri ina takriban megajuli 10, kiasi cha lita mbili za maziwa. Akipewa kilo 2.5 kwa siku wakati wa mvua na kilo 5 wakati wa kiangazi, anaweza kutoa wastani wa lita 14 na lita 10 kwa misimu hiyo. Hapungui uzito, na huzaa kila baada ya siku 410. Kwa mwaka hutoa zaidi ya lita 3,400 na hutumia karibu kilo 900 za mchanganyiko.

Ikiwa kilo moja ya mchanganyiko hununuliwa kwa bei ya lita moja ya maziwa, gharama ni lita 900. Baada ya kuondoa pia kuchakaa kwa thamani, hubaki karibu lita 2,100, na Friziani humshinda chotara kwa mbali. Ikiwa kilo moja hugharimu lita moja na nusu, zinazobaki zinakaribia lita 1,650, na ushindi umekuwa mwembamba. Bei ikizidi hapo kidogo, Friziani hana tena faida, ingawa ana hatari kubwa zaidi. Uwiano huu wa bei ya mchanganyiko na bei ya maziwa, ukipimwa mwezi wa kiangazi na kwa bei ya langoni pa mfugaji, ni kipimo rahisi ambacho afisa ugani yeyote anaweza kukipata kwa asubuhi moja sokoni. Chotara naye akiongezwa kilo moja au mbili katika miezi ya kwanza baada ya kuzaa hutoa maziwa zaidi, jambo linalousogeza mpaka huo chini zaidi kwa hasara ya Friziani. Hata hivyo, uwezo wake una kikomo, na mchanganyiko mwingi kupita kiasi humnenepesha bila kuongeza maziwa.

Mambo mengine mawili huusogeza mpaka huo. La kwanza ni mitamba. Hesabu ya makala haya haikuhusisha kukuza majike, kwa sababu lishe ya robo hekta haitoshi mama na mtamba kwa pamoja, na katika Girinka jike wa kwanza huenda kwa jirani. Palipo na ardhi ya kukuzia na wanunuzi wa mitamba ya Friziani, mizani huelemea upande wa Friziani. La pili ni kupe. Pale ambapo uogeshaji si wa uhakika, au dawa zimeanza kushindwa kama ilivyotokea katika maeneo ya kusini magharibi mwa Uganda, uwezekano wa Friziani kufa kwa ndigana ni mkubwa zaidi, na ng'ombe aliyekufa hana hata bei ya nyama.

Udhaifu wa chotara uko katika kizazi kinachofuata. Mwenye chotara mmoja akimhimilisha kwa mbegu ya Friziani hupata ndama mwenye robo tatu ya damu ya Friziani, mwenye mwili mkubwa zaidi na nusu tu ya ile nguvu ya ziada. Akitumia dume chotara, damu hubaki nusu kwa nusu, lakini nguvu ya ziada hupungua kwa nusu pia. Uchambuzi wa Cunningham na Syrstad, uliochapishwa na FAO mwaka 1987, ulionyesha kwamba katika nchi za tropiki maziwa huongezeka damu ya Ulaya inapofikia nusu, na kwamba kuiongeza zaidi ya hapo hakuleti ongezeko linalolingana. Mwenye ng'ombe mmoja hawezi kubaki kwenye nusu kwa nguvu zake mwenyewe. Wafugaji wa Uganda wanaodumisha kundi la Ankole halisi huzalisha mitamba ya kizazi cha kwanza kila mwaka. Kaya ndogo hutegemea wao, au hutegemea kupokezana mbegu, kwa mfano kutumia Sahiwali katika uzao mmoja na Friziani katika unaofuata.

7. Dalili za uchaguzi usiolingana na shamba

Kwa kaya ambayo tayari ina ng'ombe, swali ni kama shamba linammudu. Dalili ya kwanza hupatikana kwa utepe wa kupimia mzunguko wa kifua, ukitumiwa kila baada ya wiki mbili kwa saa ileile ya siku. Kupungua kidogo katika wiki za kwanza baada ya kuzaa ni jambo la kawaida. Kupungua kunakoendelea baada ya mwezi wa tatu kunaonyesha kwamba maziwa yanatoka mwilini, si bandani. Dalili ya pili ni joto. Ng'ombe ambaye hajaonekana kwenye joto siku 90 baada ya kuzaa, ilhali hana maradhi ya kizazi, kwa kawaida ana njaa. Dalili ya tatu ni mwenendo wa maziwa. Yakishuka ghafla kila kiangazi kinapoingia na kupanda siku chache baada ya kuongezwa mchanganyiko, kinachokosekana ni chakula na si mbegu bora. Kubadili mbegu katika hali hiyo, hasa kwenda kwenye mbegu yenye mwili mkubwa zaidi, huliongeza tatizo.

8. Hitimisho

Ulinganisho huu umeonyesha kwamba Friziani na chotara wa matumizi mawili hawapaswi kupimwa kwa ndoo ya asubuhi. Friziani ni mashine inayohitaji mchanganyiko wa kununuliwa mwaka mzima, na huilipa vizuri kaya ambayo mchanganyiko wake haugharimu zaidi ya lita moja na nusu ya maziwa kwa kilo na ambayo soko lake halikatiki. Chotara humfaa mwenye robo hekta ya majani na kiangazi cha miezi minne, kwa sababu mwili wake mdogo huacha majani ya akiba, uzazi wake haukatizwi na njaa, na bei yake ina sakafu.

Kwa sera, mambo mawili yanafuata. Mipango ya kugawa au kukopesha ng'ombe ingefaa ipime kwanza lishe ya kiangazi ya kaya pamoja na uwiano wa bei ya mchanganyiko na maziwa, ndipo iamue aina ya ng'ombe. Kaya mbili za kijiji kimoja huweza kustahili ng'ombe tofauti. Aidha, palipo na sera ya kupendelea chotara, ni lazima pawe na chanzo cha kudumu cha mitamba ya kizazi cha kwanza, na chanzo hicho huanzia kwenye kundi la Ankole halisi. Kundi hilo likimezwa na mbegu za kigeni, chotara naye atatoweka katika vizazi viwili, na kaya ndogo itabaki bila chaguo la pili.